Tangazo la nauli za Krismasi Dar-Moshi, safari hii nimelipa bila kununa

Kampuni ninayopanda siitaji, ila tangazo lao la Desemba naomba mabasi mengine waige. Tumezoea karatasi pale Magufuli, Mbezi, imeandikwa nauli imepanda kutokana na sikukuu, basi, ukiuliza kwa nini wakala anakwambia kama hutaki pisha wenzio. Hii inakera kuliko hata hela yenyewe.

Hawa walituma kwenye wasapu tangu mwanzoni mwa Novemba. Mstari wa kwanza kabisa, kawaida 28,000, tarehe 18 hadi 24 itakuwa 35,000. Hawakuficha chini huko. Halafu wakaeleza kwamba siku hizo gari linapanda Moshi limejaa mpaka siti ya mwisho, kushuka Dar linarudi na watu kumi na kitu, na mafuta ni yaleyale, dereva ni walewale wawili, kwa hiyo anayepanda anachangia ile safari ya kurudi tupu. Kilichonifanya niwaamini ni kwamba anayetoka Moshi kuja Dar tarehe hizohizo wamemshushia mpaka 20,000, na kuanzia tarehe 27 wanageuza, wa kurudi Dar ndo analipa 35,000. Sasa hapo unagomba nini?

Wakaongeza na hesabu ya LATRA, daraja la kati ukomo ni shilingi 67.84 kwa kilomita kwa viwango vya Desemba 2023, kwa hiyo 35,000 haijavuka. Kumbe muda wote tulikuwa tunalipa chini ya ukomo, ni kama punguzo, sikukuu wanaliondoa. Wangesema tu "tumepandisha" nisingejua.

Gari za ziada ziko mbili, saa 4 asubuhi na saa 2 usiku, na hapa ndo muwe macho jamani. Gari la ziada mara nyingi siyo lile ulilozoea, unakatiwa tiketi ya siti mbili kwa mbili yenye AC ukifika unakuta tatu kwa mbili, na hilo ni daraja la kawaida, ukomo wake 48.47 kwa kilomita, so kukutoza 35,000 ni kosa hata iwe mkesha wa Krismasi. Hawa waliandika wazi kwamba la usiku ni daraja la kawaida, 25,000, halina AC. Mdogo wangu alipanda hilo, alikuta kama walivyosema. Kabla hujalipa uliza daraja, na liandikwe kwenye tiketi.

Walichosahau ni kubadilisha tarehe. Tangazo lipo kimya kabisa, nikapiga simu wakaniambia naruhusiwa mara moja mwisho saa 24 kabla ya safari, lakini ukihamia tarehe za sikukuu unaongeza tofauti. Hiyo waiandike, maana mtu aliyekata 28,000 ya tarehe 17 akija kudaiwa 7,000 dirishani ndo ugomvi unaanzia hapo.

Nyota nne.