"Ndugu" au "Bwana/Bibi" kwa mtu usiyemjua?

Tuseme unamwandikia afisa ambaye tangazo limemtaja kama "J. Baraka" tu. Kwa upande wa jinsia, "Ndugu Baraka" linashinda kwa kuwa halibagui, ilhali "Bwana/Bibi", ingawa halikosei, hufanana na fomu ambayo mwandishi amesahau kufuta neno moja, na tena "bibi" kwa wengi ni nyanya.

Mahali anapoishi msomaji hubadili mambo. Tanzania, ambako "ndugu" lilienea enzi za Ujamaa kwa wakubwa na wadogo, barua rasmi hulipokea bila shida, lakini Kenya wengi hulisikia kama neno la jamaa wa damu, na "Bw./Bi." ndiyo mazoea.

Cheo hakitatuliwi na lolote kati ya hayo mawili, kwani mbunge hutarajia "Mheshimiwa". Ukiijua ofisi pekee, iandikie ofisi: "Mkurugenzi". Salamu inayofuata iwe "Habari za kazi". "Shikamoo" hudai ujue umri, na mdogo wako akiipokea, nyote wawili mtaona haya (mimi yamenikuta).

Kwa hiyo anayeandika Dodoma ana sababu ya kuchagua "Ndugu", na wa Nairobi "Bw./Bi.".