Kubadilisha leseni ya kigeni: tarehe moja ilivyokaribia kunirudisha kwenye mtihani

Nilihamia nchi ya Umoja wa Ulaya ninayoishi sasa Machi 2023 nikiwa na leseni niliyoipata 2014, katika nchi niliyofanya kazi awali. Nchi hiyo imo kwenye orodha ya zile zinazotambuliwa huku, kwa hiyo kwa daraja B, yaani gari dogo, nilistahili kubadilishiwa bila mtihani wa nadharia wala wa barabarani. Agosti nikapeleka maombi kwenye ofisi ya leseni ya huku: leseni halisi, tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa, picha, cheti cha macho na hati ya ukaazi. Wiki tatu baadaye ikaja barua: sistahili msamaha, nifanye mitihani yote miwili.

Tatizo lilikuwa kwenye kadi yenyewe. Juni nilikuwa nimerudi kule kumalizia mambo yangu, na kwa kuwa leseni ilikaribia kuisha muda, nikaihuisha. Kadi mpya ikatoka na tarehe moja tu ya kutolewa, Juni 2023. Aliyeisoma aliona leseni iliyotolewa miezi mitatu baada ya mimi kuwa mkaazi wa huku, na msamaha wa mtihani unataka leseni uwe umeipata wakati ukiishi kweli katika nchi iliyoitoa. Sharti hilo limewekwa kuwazuia watu wanaokwenda likizo fupi kutafuta leseni mahali mtihani ulipo rahisi. Mimi nilikuwa nimeendesha miaka tisa, lakini kwa mujibu wa kadi ile nilikuwa mmoja wao.

Kwanza nilionyesha kibali changu cha kimataifa cha kuendesha. Hakikunisaidia, na ofisi ilikuwa sahihi: kibali kile ni tafsiri tu ya leseni, hakithibitishi ulianza lini na hakibadilishwi kuwa leseni ya mahali popote.

Kilichotakiwa ni barua ya uthibitisho kutoka mamlaka iliyotoa leseni. Nikamwomba rafiki niliyefanya naye kazi aifuatilie, na baada ya siku kumi akanipigia simu: "Dada, barua nimeipata. Wameandika leseni ni halali, wakataja na tarehe ya Juni." Yaani tumerudi palepale. Barua ya "leseni hii ni ya kweli" inajibu swali la kughushi, haijibu swali la lini. Kwa hiyo mara ya pili niliandika ombi mwenyewe, nikaeleza ninachohitaji: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya leseni ya zamani na ya sasa, tarehe ya kwanza ya kupata kila daraja, kwamba kadi ya 2023 ni ya kuhuisha na haikutokana na mtihani mpya, na kwamba nilifanya mtihani kwa gari la gia za mkono. Hilo la gia si dogo. Ziko nchi ambazo zikikosa uthibitisho huo zinakupa leseni ya gari la otomatiki peke yake.

Barua hiyo ilichukua wiki saba, kwa sababu kumbukumbu za 2014 zilikuwa kwenye daftari na ilibidi zitafutwe kwa mkono. Tuliomba itumwe moja kwa moja ofisi hadi ofisi. Nyingi hazipokei barua ya uthibitisho iliyopita mikononi mwa mwombaji, na hata zinazokubali hutaka bahasha iwe imefungwa kwa muhuri.

Nilipokuwa nasubiri, miezi sita ambayo huku mgeni anaruhusiwa kuendesha kwa leseni yake ya kigeni ikaisha. Nikaacha gari kabisa. Maombi yakiwa ofisini hayaongezi muda huo, na ukipata ajali siku hizo unahesabiwa huna leseni, na bima inaweza kukataa kulipa.

Barua ilipofika uamuzi ulibadilishwa ndani ya siku nne. Daraja B nikapewa bila mtihani. La pikipiki halikuhamishwa, kwa kuwa makubaliano ya nchi hizi mbili yanahusu gari dogo tu. Nikilitaka nitafanya mtihani. Leseni ya zamani ilichukuliwa ili irudishwe kwa mamlaka iliyoitoa, basi piga nakala ya rangi ya pande zote mbili kabla hujaikabidhi.

Kwenye kadi mpya, sehemu ya 12, kuna namba 70 ikifuatwa na namba ya leseni yangu ya kigeni. Katika nchi za Umoja wa Ulaya hiyo ndiyo alama ya leseni iliyobadilishwa. Nikihamia nchi nyingine ya Umoja huo, nayo haitambui leseni za kule nilikoanzia, hailazimiki kuikubali hii kama ya kwake.

Huduma naipa nyota tatu kati ya tano. Walifuata sheria yao sawasawa na walinijibu kwa heshima kila mara. Mbili nimezizuia kwa sababu fomu ya maombi inauliza tarehe ya kutolewa kadi na haina mahali pa kuandika tarehe ya kwanza ya kupata daraja. Kisanduku kimoja kingeniokolea zaidi ya miezi miwili.