Moshi hadi Dar na kilo 50 za mzigo: basi, treni au ndege?

Tuchukulie una sanduku la kilo 25 na kiroba cha mchele cha kilo 25, unatoka Moshi mjini kwenda Dar. Nimetumia usafiri wa aina zote tatu. Nauli peke yake isikudanganye, hesabu pia mzigo utashushwa na kupandishwa mara ngapi.

Ndege yenyewe haifiki hata saa moja na nusu angani, lakini ukijumlisha njia ya KIA, kukaguliwa na foleni ya Dar, nusu siku imekwisha. Wengi hudhani wataokoa hela kwa kupanda daladala ya Arusha na kushuka njia panda ya KIA. Kutoka hapo hadi uwanjani ni kama kilomita 6, na bodaboda haibebi sanduku pamoja na kiroba. Utalipa teksi tu. Tiketi nyingi za ndege kubwa huruhusu kilo 23, kwa hiyo kilo 27 zako zinalipiwa moja moja. Mchele huo utakuwa ghali kuliko wa Kariakoo.

Basi ndilo chaguo langu la kawaida. Kwa viwango vya LATRA vya Desemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita kwa basi la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati, safari ya kilomita kama 560 inakuja takriban elfu 27 au elfu 38. Ongeza hiyo elfu 11, kwa saa tisa au kumi za kukaa mgongo utakushukuru. Kiroba kinapimwa kwa macho ya konda, basi patana bei kabla hakijaingia kwenye buti na udai risiti. Kikishaingia, huna tena nguvu ya kupatana.

Hatari iko njiani. Buti hufunguliwa kila abiria anaposhuka, Same, Korogwe, Segera, na masanduku meusi yote yanafanana. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mpini, kisha kaa dirisha la kushoto, upande wa mlango, uone kinachotolewa. Jua la asubuhi litakupiga upande huo, vumilia. Ukifika Mbezi Luis bado hujafika mjini, weka akiba ya bajaji au teksi.

Treni ndiyo rafiki wa kiroba. Daraja la tatu ni nafuu kuliko basi, unaweza kunyoosha miguu, na inakushusha katikati ya Dar. Ila haiondoki kila siku, inalala njiani, na wakati wa masika maji yakila tuta safari husitishwa. Uliza stesheni ya Moshi siku mbili kabla, na mzigo mkubwa upeleke mapema ukapimwe. Mwenye mtihani au usaili kesho yake asubuhi asiipande.