Hereni zilizonitoa maji masikioni, na hizi ninazovaa mwezi wa saba sasa

Mwaka jana niliagiza hereni kwa muuzaji wa mtandaoni hapa Dar. Maelezo yake yalikuwa maneno mawili tu: "dhahabu 18K". Siku ya pili ndewe zikaanza kuwasha, ya tatu zikatoa maji. Nilipomulika kwa tochi ya simu nikaona kijiti kimegongwa 18K GP. Hizo herufi mbili za mwisho zinakwambia dhahabu imechovywa juu tu, na 18K ni ya ule utando, si ya hereni nzima. Dhahabu ya kiwango hicho isiyochovywa hugongwa 750, yaani sehemu 750 kati ya 1000. Chini ya utando mwembamba mara nyingi kuna shaba, na katikati huwekwa nikeli. Nikeli ndiyo hainipendi.

Safari hii nikaenda kwa sonara mmoja mjini. Kadi yake iliandikwa: "Fedha 925, imechovywa dhahabu 18K, unene mikroni 2.5. Haina nikeli." Bei ilinuma, ila nilijua ninalipia nini: utando ukilika, kitakachogusa ngozi ni fedha.

Wiki ya pili muwasho ukarudi, lakini nyuma ya sikio tu. Mbele shwari. Ingekuwa ngozi imegeuka kijani bila kuwasha ningesema ni shaba na jasho, na hiyo huoshwa ikaisha. Hii iliwasha, na ilivimba.

Nikarudi. Fundi akatia tone la dawa ya kupimia nikeli kwenye pamba, akasugua kijiti: pamba ikabaki nyeupe. Akasugua kile kipepeo kidogo cha nyuma: ikawa pinki. Kumbe kadi ilisema kweli kuhusu hereni, ikanyamazia kipepeo, ambacho yeye hununua tayari kwa jumla. Alinibadilishia vya fedha bila kunitoza. Akaniambia pia kipimo hicho husoma kilicho juu tu. Nikeli iliyojificha chini ya utando mzima haionekani mpaka utando uchakae.

Kasoro yangu ya pili ni matunzo. Kadi ilisema "safisha taratibu", basi. Mama mdogo akanishauri dawa ya meno, nami nikasugua moja kwa mswaki. Sasa imepauka kuliko mwenzake, kwa sababu dawa ya meno ina chembe zinazokwangua dhahabu. Siku hizi napaka manukato kwanza, yakikauka ndipo navaa. Jioni nafuta jasho kwa kitambaa laini na kuziweka kwenye kifuko kinachofungika. Kwa joto la Februari hapa, ukiruka siku mbili unaona.

Ile iliyopauka haijaniwasha hata siku moja. Sonara amesema anaweza kuichovya upya, na amenionyesha kadi mpya: kipepeo sasa kina mstari wake.