Nililipa wanisomee wasifu, wakanifutia siku 22 zangu

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa, basi niandike.

Kuna ofisi hapa Nairobi, sitaitaja, inayochukua wasifu wako na tangazo la kazi, inavilinganisha, kisha inakuambia unafaa kiasi gani. Nilikuwa naomba kazi ya afisa wa madai katika kampuni ya bima za kawaida, si za maisha. Tangazo lilitaka mambo matatu: uzoefu wa bima za magari, zikiwemo za matatu na mabasi, pamoja na WIBA, yaani fidia ya wanaoumia kazini; ujuzi wa sheria; na kasi ya kushughulikia madai. Kazi ninayoifahamu hiyo.

Kijana aliyenisomea aliona neno "magari" kwangu na "magari" kwenye tangazo, akaweka tiki, akasonga mbele. Hakuuliza magari gani. Dai la gari la nyumbani lililogongwa bampa ni suala la asesa, gereji na bei ya vipuri. Dai la matatu ni abiria waliovunjika miguu, barua za mawakili, na kesi inayoweza kukaa kortini miaka. Mtu anaweza kuwa hodari wa la kwanza na la pili likamzamisha. Mimi nimefanya yote mawili na nilitaka hilo lionekane. Yeye aliona tiki inatosha.

Kwenye sheria alinikata alama kwa sababu sikuandika maneno "ujuzi wa kanuni". Nilikuwa nimeandika kwamba nimelipa madai ya majeruhi chini ya Sura ya 405, sheria ya bima ya magari kwa watu wengine, ambayo inaweka ukomo wa shilingi milioni 3 kwa kila mtu, na madai ya WIBA yanayohesabiwa kwa mapato ya miezi 96. Huo ndio ujuzi wenyewe! Mfanyakazi wa mshahara wa 20,000 aliyepata ulemavu wa kudumu wa asilimia 10 anastahili 192,000, na afisa anayejua kazi huipata hesabu hiyo bila kumpigia mtu simu. Kuandika tu "najua sheria" anaweza hata aliyeisikia sheria hiyo redioni.

Sasa njoo kwenye siku. Niliandika hivi: dai la kawaida la gari, wastani wa siku 22 tangu kuripotiwa, siku 5 tangu hati kukamilika. Ni hesabu mbili tofauti hizo. Mteja akiripoti tarehe 3, akaleta abstrakti ya polisi, nakala ya leseni na logibuku tarehe 20, akalipwa tarehe 25, zote mbili ni kweli. Hesabu ya kwanza ndiyo inayomhusu mdhibiti, maana kifungu cha 203 cha Sheria ya Bima kinatoa siku 90 kuanzia dai liliporipotiwa, si kuanzia siku faili liliponona. Anayeandika ya pili peke yake ana anachokificha.

Kijana akaifuta 22. Nikapiga simu.

"Madamu, mwajiri hasomi hadithi. Andika saa 48, inavutia."

Saa 48! Asesa hajafika gereji. Nikamwambia meneja yeyote wa madai akisoma hivyo atajua nadanganya au kwamba nilikuwa nalipa bila kukagua, na sijui lipi baya zaidi. Akanijibu kwamba yeye ndiye mtaalamu wa wasifu, kisha akaniomba nipunguze sauti. Mimi. Niliyemlipa.

Nyota moja, basi. Ila nisiwe dhalimu: huyo huyo, kabla hatujakosana, aliniuliza niliruhusiwa kulipa mpaka shilingi ngapi bila kumwendea bosi. Hilo sikuwa nimeliandika, na kwa afisa wa madai kiwango cha mamlaka husema mengi kuliko cheo, kwa sababu kinaonyesha kampuni ilikuamini kwa kiasi gani. Nililiongeza siku hiyo hiyo. Nyota mbili, nikajisemea.

Kisha nikawaomba warudishe nusu ya pesa, wakanipa "usomaji wa pili bure", na usomaji wenyewe ukaja na saa 48 pale pale, safari hii kwa herufi nzito. Nirudi kwenye moja.

Nilituma wasifu na 22 yangu ndani. Kwenye mahojiano, meneja wa madai aliweka kidole hapo kabla hata ya kuniuliza nilisoma wapi: "Hizi siku 17 za katikati, zilikuwa za nani?" Nikamwambia nyingi ni za abstrakti ya polisi, na zilizobaki ni za wateja wasiojua waliko na logibuku zao. Alicheka, akaandika kitu. Majibu nangoja bado.