Dagaa wa Mwaloni wanasingiziwa: uzoefu wangu na kampuni ya "kuondoa harufu" bafuni

Jamani, mimi si mtu wa kulalamika mitandaoni, lakini hili limenikaa rohoni. Watu wanalipwa hela kuondoa harufu, wanakuja wanapulizia manukato ya ndimu, wanaondoka. Nyumba ni ya kupanga, Kirumba hapa Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na bafu lenyewe ni la wageni. Tangu watoto warudi bweni halikuwa na mtumiaji. Kiangazi kilipokolea likaanza kutoa uvundo wa mayai viza, mkali zaidi asubuhi ukifungua mlango.

Nikaita kampuni moja ya usafi hapa mjini (jina nalihifadhi). Vijana wakasugua sakafu mpaka ikang'aa, hapo siwanyimi haki yao. Wakaning'iniza kidude cha kunukia chooni, wakapuliza dawa. Jioni bafu lilinukia kama duka la vipodozi. Haikuchukua siku nyingi, mayai viza yakarudi, safari hii yamechanganyika na ndimu. Hiyo mchanganyiko, ndugu zangu, ni afadhali mayai yenyewe.

Nilipowapigia, akaja msimamizi wao. Hata viatu hakuvua. Akasimama mlangoni na simu mkononi, akasema: "Mama, hapa uko karibu na Mwaloni. Hiyo ni harufu ya dagaa, utazoea tu." Nimekulia Mwanza hii! Dagaa namjua akiwa mbichi, akianikwa, hata akinyeshewa. Na dagaa gani huyo anayepita madirisha yote ya sebuleni bila kunukia, aje kuibukia kwenye tundu la maji la bafu lililofungwa? Kisha akataka kuniuzia dawa kali zaidi. Nikamwonyesha geti.

Jirani akaniletea fundi bomba, mzee wa makamo, mpole. Hakunusa hata mara mbili. Alitoa kile kichujio cha sakafuni, akamulika na tochi ya simu, akaniita: "Mama njoo uone, kukavu." Chini ya kichujio kuna trapu, yaani bomba lililopinda ili lishike maji, kina cha kama sentimita 5. Maji hayo ndiyo kizibo. Hewa ya kutoka kwenye chemba na shimo haiwezi kuyapita. Bafu likikaa bila kutumika, maji yanakauka taratibu, na kiangazi yanawahi zaidi, basi njia inabaki wazi kutoka shimoni mpaka puani kwako. Sasa pulizia manukato utakavyo, hewa ya shimo inaendelea kupanda, na chupa ina mwisho.

Akamimina maji kama lita 2 polepole, akamulika tena: maji yakametameta. Akaomba mafuta ya kupikia, akaweka vijiko viwili juu yake ili maji yasikauke haraka. Tukafungua dirisha. Kufika jioni mayai viza hakuna. Akaniachia na onyo: nikijaza trapu halafu nikaikuta tupu kesho yake, basi si ukavu wa hewa. Ama trapu inavuja, ama bomba la kupumulia limeziba, na choo kikivutwa kinanyonya yale maji kwa mlio wa gluu-gluu. Hapo mafuta hayasaidii.

Nilitaka kumpa hela yake aende, lakini harufu ya pili ikajitokeza, ile iliyokuwa imefichwa na ndimu. Hii haikuwa ya shimo, ilikuwa ya ukungu, ya nguo zilizolowa zikasahaulika kwenye beseni. Ilitoka ukutani nyuma ya choo, ambako rangi ilikuwa imeanza kututumka. Mzee akapangusa ukuta, akabandika kipande cha nailoni, akaziba kingo zote nne kwa utepe wa gundi, akasema tukiache mpaka kesho. Kesho yake matone yalikuwa upande wa ndani, ule uliogusana na ukuta. Yangekuwa upande wa nje, ingekuwa ni mvuke wa bafuni tu. Akang'oa marumaru moja: kiungo cha bomba la kupeleka maji kwenye tangi la choo kinachuruzika, tone kwa tone, na saruji nyuma yake nyeusi tii.

Kwa hiyo kampuni ile naipa nyota moja. Au basi, mbili, kwa wale vijana waliosugua, maana walifanya walichotumwa na mmoja wao aliniambia pembeni kwamba hata yeye ameshangaa hawaulizwi kuangalia tundu. Hapana, nairudisha moja. Yule msimamizi juzi kanitumia ankara ya "ziara ya ukaguzi". Ukaguzi gani, wa mlangoni? Silipi. Kiungo kimebadilishwa, ukuta nimeuacha wazi ukauke kabla ya kupaka rangi, na ankara yake akawadai dagaa.