Forza Horizon 4 haiuzwi tena, ila kwangu bado inapakuliwa

Nacheza Forza Horizon 4, gemu ya mbio za magari, kwenye laptopu hapa Mtwara. Niliinunua kwenye duka la mtandaoni la Steam kabla haijaondolewa sokoni tarehe 15 Desemba 2024. Wadogo zangu wa mtaani wakiiona huitaka, lakini ukiitafuta dukani leo hakuna pa kulipia.

Kilichoiondoa ni leseni. Magari yaliyomo ni ya kampuni za kweli, Ferrari na Porsche zikiwemo, na nyimbo za redioni ni za wasanii wa kweli. Mtengenezaji hulipia haki ya kuvitumia kwa muda maalumu. Muda ukiisha, haruhusiwi kuuza nakala mpya, ila waliokwisha kununua wanabaki na za kwao. Niliwahi kuifuta ili nipate nafasi, nikarudi kwenye maktaba yangu ya Steam, nikaipakua upya bila shida. Waliokuwa wakiicheza kwa kulipia Game Pass kila mwezi hawakuwa wameinunua, na humo nako iliondolewa siku hiyo hiyo.

Kitu ambacho wengi hawakukiangalia ni nyongeza. Tangazo lilitoka tarehe 25 Juni 2024, na siku hiyo hiyo nyongeza zikaacha kuuzwa peke yake. Aliyenunua toleo la kawaida mwezi Novemba alipata ramani yote ya msingi, ya Uingereza, ya kuendeshea, lakini kisiwa cha Fortune Island hakuweza tena kukiongeza. Mimi nilikuwa nacho tayari, na ndiko ninakocheza zaidi: barabara za mlimani, kona kali, radi zikipiga.

Msichanganye hili na yaliyoikuta The Crew ya Ubisoft. Gemu ile ilitegemea seva hata ukicheza peke yako. Iliacha kuuzwa Desemba 2023, seva zikazimwa tarehe 31 Machi 2024, na hata mwenye diski mkononi hakuweza tena kuicheza. Kwa hiyo kabla ya kuwahi gemu inayokaribia kuondolewa, soma ukurasa wake dukani. Ikidai intaneti muda wote, mimi siinunui hata kwa punguzo.

Kwetu huku kuna gharama nyingine, bando. Gemu hii inazidi GB 80, na kuipakua mara ya pili inauma. Kwenye Steam, fungua Properties, kisha Installed Files, ubonyeze Backup game files, uihifadhi kwenye diski ya nje. Kuirudisha utahitaji akaunti yako ileile, lakini data kidogo tu.

Forza Horizon 3 ilitoka 2016, ikaondolewa 2020. Ya nne ilitoka 2018, ikaondoka 2024. Forza Horizon 5 ni ya 2021 na nayo imejaa magari ya leseni, kwa hiyo punguzo lilipokuja nilichukua na nyongeza zake mbili, Hot Wheels na Rally Adventure, papo hapo.